Mada, Upande na Dakika: Ombi la Hotuba Linapokosa Mambo Matatu

Ujumbe wenyewe huwa mfupi: "Shikamoo kaka. Naomba unisaidie hotuba ya mdahalo kuhusu simu shuleni. Ni kesho asubuhi." Huingia jioni kwa kaka aliye chuoni, kwa shangazi aliye mwalimu, au kwa jirani anayesifika mtaani kwa kalamu yake. Anayeombwa huona kazi ni nyepesi. Anaandika kurasa mbili zenye moto: simu zinaharibu maadili, simu zinakula muda wa masomo, simu zimewafanya vijana wasiwasikilize wakubwa. Kesho yake kijana anafika ukumbini na karatasi yake, anasoma orodha ya wazungumzaji na kukuta amepangwa upande unaozitetea simu, tena kwa dakika 4 tu.

Hakuna aliyefanya uzembe mkubwa hapo. Ombi lilikuwa na jambo la kuzungumzia, ila lilikosa mada, upande na muda. Anayeandika bila kuvijua hivyo vitatu anaandika insha. Insha nzuri inaweza kusomwa mbele ya watu na kupigiwa makofi, lakini waamuzi wa mdahalo hawana mahali pa kuipa alama.

Mada ndiyo ya kwanza, kwa sababu mengine yote yanaitegemea. "Simu shuleni" ni eneo la mazungumzo. Mada ya mdahalo ni sentensi kamili ambayo mtu anaweza kuikubali au kuikataa, na ndani ya eneo hilo moja zinaweza kutoka mada nyingi zisizofanana. Tuchukue tatu.

Ya kwanza inasema: "Wanafunzi wa sekondari za bweni waruhusiwe kubeba simu shuleni." Hii inapendekeza utaratibu. Wanaoiunga mkono wana wajibu wa kueleza utakavyofanya kazi: simu za aina gani, zitumike saa ngapi, zitunzwe na nani usiku. Wanaopinga wataushambulia utaratibu huo na kuonyesha utakwama wapi.

Ya pili inasema: "Simu zimewaletea wanafunzi madhara mengi kuliko faida." Hapa hakuna anayeombwa kutunga sheria. Kazi ni kupima. Mzungumzaji anayetaja madhara matano bila kugusa faida hata moja hajaigusa mada, kwa sababu neno "kuliko" linamdai aweke pande zote mbili kwenye mizani na aeleze kwa nini upande mmoja ni mzito.

Ya tatu inasema: "Wazazi ndio wa kulaumiwa kwa matumizi mabaya ya simu miongoni mwa wanafunzi." Katika mada hii pande zote mbili zinaweza kukubaliana tangu mwanzo kwamba matumizi mabaya yapo. Wanachogombania ni nani abebe lawama: mzazi, shule, kampuni zinazotengeneza programu za simu, au mwanafunzi mwenyewe. Zile kurasa mbili za kulaani simu hazimsaidii yeyote hapa, maana zinathibitisha jambo ambalo hakuna aliyelikataa.

Historia ya midahalo ina mfano mzuri wa uzito wa sentensi hiyo moja. Tarehe 18 Februari 1965, mwandishi Mmarekani mweusi James Baldwin alisimama katika chama cha mdahalo cha Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kukabiliana na mwandishi wa mrengo wa kihafidhina, William Buckley. Mtu angeweza kusema walikuwa wakizungumzia ubaguzi wa rangi Marekani. Lakini mada iliyowekwa mezani ilidai kwamba ndoto ya Marekani imejengwa kwa gharama ya Wamarekani weusi, na Baldwin alikuwa upande wa kuiunga mkono. Mada hiyo haikumtaka apendekeze sheria wala aeleze jinsi ya kuleta upatanisho. Ilimtaka aonyeshe nani alilipa gharama. Alizungumzia pamba iliyochumwa, reli zilizojengwa na kazi iliyofanywa bila malipo, na kura zilipohesabiwa upande wake ulipata 544 dhidi ya 164. Kama mada ingeuliza sheria gani itungwe, hotuba ileile, pamoja na nguvu zake zote, ingeacha swali kuu bila jibu.

Upande nao hauna maana peke yake. Mwanafunzi anayesema "niko upande wa kuunga mkono" bado hajasema kitu. Katika mada ya kwanza hapo juu, kuunga mkono ni kuzitetea simu. Katika ya pili, ni kuzishambulia. Kosa hili hutokea mara nyingi, kwa sababu mwandishi anaposikia "napinga" hudhani kijana anapinga simu, kumbe anapinga mada inayozikataa. Dawa yake ni kuandika mada yote, neno kwa neno, kisha upande. Mada ikitajwa kwa kifupi au kwa kumbukumbu, neno moja kama "wasiruhusiwe" likigeuka "waruhusiwe" linapindua hotuba nzima.

Kuna jambo jingine lililojificha ndani ya upande, nalo ni nafasi ya mzungumzaji. Wa kwanza katika kuunga mkono ndiye anayefafanua maneno ya mada na kutandaza msimamo wa kundi lake. Wa pili katika kupinga anasimama baada ya kuwasikia wengine, na waamuzi wanatarajia awajibu. Wa mwisho hufunga kwa kukusanya yaliyokwisha kusemwa, na katika mashindano mengi haruhusiwi kuingiza hoja mpya. Kwa hiyo hotuba iliyoandikwa kuanzia salamu hadi asante humfaa zaidi mzungumzaji wa kwanza. Akipewa wa pili, ataisoma kama ilivyo huku hoja za wenzake wa upande wa pili zikipita bila kuguswa.

Kisha dakika. Mtu anayesema Kiswahili kwa utulivu mbele ya ukumbi hutamka takriban maneno 100 kwa dakika, kwa kuwa neno moja la Kiswahili, mfano "hawakutuambia", hubeba kazi ya maneno kadhaa. Kila mtu anaweza kujipima: asome ukurasa kwa sauti huku akitazama saa, kisha ahesabu alipofika dakika ilipokwisha. Kwa kipimo hicho, dakika 4 ni maneno kama 400. Hotuba ya maneno 900 yenye hoja tano itakatwa na kengele katikati ya hoja ya pili au ya tatu, na ile iliyohifadhiwa kwa ajili ya mwisho kwa kuwa ndiyo kali kuliko zote haitasikika kabisa.

Muda hutofautiana sana kati ya ukumbi na ukumbi. Katika Mashindano ya Dunia ya Midahalo ya Shule, kila upande una wazungumzaji watatu, kila mmoja akiwa na dakika 8, kisha hufuata hotuba fupi ya kufunga ya dakika 4. Katika mtindo wa bunge la Uingereza unaotumiwa na vyuo vikuu, makundi manne ya watu wawiliwawili huzungumza kwa dakika 7 kila mtu. Mdahalo wa Ijumaa wa shule ya kawaida unaweza kutoa dakika 3 au 5, kulingana na idadi ya waliojiandikisha.

Sasa turudi kwa yule kijana, tuseme ameulizwa na amejibu hivi:

"Mada: Wanafunzi wa sekondari za bweni waruhusiwe kubeba simu shuleni. Upande: kupinga, mzungumzaji wa pili. Muda: dakika 4."

Kwa mistari hiyo mitatu kazi inabadilika sura. Maneno "za bweni" yanaondoa hoja zote za njiani na ndani ya daladala. Yanaleta kitanda, usiku, soketi chache za kuchajia na sanduku linaloweza kuvunjwa. Neno "kubeba" linampa mpinzani nafasi nzuri: anaweza kukubali kwamba wanafunzi wajifunze kwa kompyuta za shule chini ya msimamizi, bila kukubali kila mmoja atembee na simu yake mfukoni. Akifanya hivyo anaidhoofisha hoja ya elimu kabla haijamjia.

Dakika 4 ni sekunde 240, na zinagawanyika hivi. Salamu sekunde 15. Hapa pana mtego, kwa sababu ule mfululizo uliozoeleka wa mheshimiwa mwenyekiti, waamuzi waadilifu, mtunza muda makini na wasikilizaji wapenzi, ukisemwa kwa madaha, unaweza kumeza karibu nusu dakika. Kuwajibu waliotangulia, dakika nzima. Hoja ya kwanza, kuhusu usingizi na masomo ya jioni bwenini, sekunde 75. Hoja ya pili, kuhusu wizi na unyonge wa asiyeweza kununua simu, sekunde 60. Muhtasari, sekunde 30.

Kwa hiyo mwandishi anaandika dakika 3 tu, yaani maneno kama 300. Ile dakika ya kujibu haiandikwi hotuba, inaandikwa majibu mafupi ya kuchagua. Wakisema simu ni ya dharura: je, simu ya ofisi au ya matroni haitoshi? Wakisema simu ni kitabu: msimamizi yuko wapi saa 6 usiku? Wakisema kijana ajifunze kuwajibika: anayepoteza usingizi ni yeye peke yake, au na wenzake wanane wa chumba kimoja? Kijana atatumia mawili au matatu, kulingana na atakachosikia.

Mara nyingi taarifa hizi hazikosekani kwa sababu ya uvivu wa mwombaji. Hupotea kati ya katibu wa klabu na mzungumzaji. Tangazo ubaoni linasema "Ijumaa, mdahalo: simu shuleni," pande zinapigiwa kura asubuhi ya siku yenyewe, na muda unaamuliwa mwenyekiti anapoona saa imekwenda. Katika hali hiyo anayeombwa hotuba amwulize kijana kama katibu au mwalimu mlezi anaweza kumjibu usiku huohuo. Jibu lisipopatikana, ni afadhali asiandike hotuba. Amwandikie karatasi moja yenye safu mbili, hoja tatu za kila upande na jibu la kila hoja, na juu yake aandike wazi mada aliyoikisia, ili kijana ajue la kubadilisha mada halisi ikitoka.

Kuna midahalo ambayo hata katibu hana cha kujibu, kwa kuwa mada hufichwa makusudi. Katika ule mtindo wa vyuo vikuu hutangazwa dakika 15 kabla ya kuanza, na katika mashindano ya dunia ya shule baadhi ya mada hutolewa saa 1 kabla. Anayejiandaa kwa ukumbi wa namna hiyo hana hotuba ya kuomba kwa mtu. Anachoweza kuomba ni mtu wa kukaa naye jioni, amtajie mada asiyoijua, amtupie upande kwa kurusha sarafu na kumshikia saa.