Tuma Mara Moja kwa Muhula

Nasoma ualimu Ujerumani. Ufadhili wangu hulipwa kwa yuro, hivyo nina akaunti ya yuro hapahapa. Hela inaingia bila kubadilishwa. Makato yako kwenye pesa ya mama kutoka Mwanza, maana benki nyingi hukata ada kila anapotuma, hata kama kiasi ni kidogo.

Tuseme ada ni yuro 30. Akituma 100 kila mwezi, kwa miezi sita zinaondoka 180. Akituma 600 kwa mkupuo, ni 30 tu. Kwa hiyo mama hudunduliza kwenye akaunti yake, kisha anatuma muhula ukianza.

Kwenye fomu ya benki anachagua OUR, yaani mtumaji alipe makato yote. Ukichagua SHA, benki za katikati zinaweza kukata njiani, ukapokea pungufu.

Tahadhari: shilingi ikishuka mama akiwa bado anadunduliza, faida inapungua.