Jina Moja, Siku Moja: Kunasa Mistari Iliyojirudia kwa COUNTIFS

Katika duka la vifaa vya ujenzi linalokopesha, biashara ileile inaweza kuandikwa na watu wawili. Karani wa kaunta huandika mteja anapochagua mali, na mtunza stoo huandika mzigo unapotoka. Mwisho wa mwezi karatasi za pande zote mbili zinaingizwa kwenye faili moja la Excel, na hapo ndipo mteja aliyechukua saruji mara moja anapojikuta anadaiwa mara mbili. Akija kulalamika ana haki, na mwenye duka hana namna ya kumjibu mpaka apitie faili mstari kwa mstari.

Wengi hukimbilia kitufe cha Excel kinachotia rangi vitu vilivyojirudia, yaani `Duplicate Values`. Katika kazi hii hakifai. Chenyewe hutazama kila kisanduku peke yake, hakioni mstari mzima. Ukikipa safu ya majina, kila mteja anayekuja zaidi ya mara moja kwa mwezi atapakwa rangi, na huyo ndiye mteja unayemtaka. Ukikipa safu ya tarehe, karibu faili lote litapakwa, maana siku moja ina wateja wengi. Tunachokitafuta ni vitu viwili vikikutana kwenye mstari mmoja: jina hili na tarehe hii, kwa pamoja, zaidi ya mara moja. Fomula ya `COUNTIFS`, iliyoingia na Excel ya mwaka 2007, hufanya hivyo hasa. Inahesabu mistari inayotimiza masharti yote uliyoyataja, siyo sharti moja tu.

Tuchukue mfano wa faili dogo, jina likiwa safu A, tarehe safu B na kiasi cha shilingi safu C. Mstari wa kwanza ni vichwa, kwa hiyo taarifa zinaanza mstari wa 2.

```
2  Mama Neema    12/03/2024   84000
3  Fundi Salum   12/03/2024  150000
4  Mama Neema    13/03/2024   36000
5  Mama Neema    12/03/2024   84000
6  Fundi Salum   12/03/2024   22500
7  Mzee Hamisi   13/03/2024   60000
```

Kwenye kisanduku D2 andika fomula hii, kisha iburute mpaka D7:

```
=COUNTIFS($A$2:$A$7,A2,$B$2:$B$7,B2)
```

Isome hivi: katika majina yote ya A2 mpaka A7, tafuta yanayofanana na jina la mstari huu, na katika tarehe zote za B2 mpaka B7, tafuta zinazofanana na tarehe ya mstari huu, kisha nihesabie mistari ambayo yote mawili ni kweli. Alama za dola zinafunga eneo la kutafutia lisisogee unapoburuta. Ukizisahau, fomula ya mstari wa 5 itaanza kutafuta kuanzia mstari wa 5 kwenda chini, haitamwona tena Mama Neema wa mstari wa 2, na itajibu 1. Dalili ya kosa hilo ni kwamba mstari wa juu una 2 lakini pacha wake wa chini ana 1. Pacha lazima wawe na jibu moja.

Fomula ikiandikwa sawasawa, mistari ya 2, 3, 5 na 6 inapata 2, na mistari ya 4 na 7 inapata 1. Mama Neema anaonekana mara tatu kwenye faili, lakini ujio wake wa tarehe 13 haukuguswa, kwa sababu siku hiyo alikuja mara moja tu. Kwenye duka la kweli lenye mistari mia kadhaa, panga faili kwa jina halafu kwa tarehe ili mapacha wakae jirani, kisha chuja safu D ubaki na zinazozidi 1.

Anayependa rangi kuliko namba ataiweka fomula hiyohiyo ndani ya `Conditional Formatting`. Chagua A2 mpaka C7, chagua sheria mpya inayotumia fomula, na uandike:

```
=COUNTIFS($A$2:$A$7,$A2,$B$2:$B$7,$B2)>1
```

Hapa dola imewekwa mbele ya A na B hata kwenye `$A2` na `$B2`, ili sheria iendelee kusoma jina na tarehe hata inapopaka kisanduku cha safu C. Bila dola hizo rangi itaishia kwenye safu A tu, na safu B na C hazitapakwa.

Faili lenye maelfu mengi ya mistari litaanza kuwa zito, kwa kuwa kila mstari unalinganishwa na mistari yote. Wasomaji wetu wa Lubumbashi au Bukavu wenye Excel ya Kifaransa wataikuta fomula hii kwa jina la `NB.SI.ENS`, na mara nyingi kompyuta zao hutaka nukta-mkato mahali tulipoweka koma.

Mistari minne imenaswa, lakini bado hatujui ni mingapi iliyokosewa. Fomula imesema tu kwamba jina na tarehe vimekutana mara mbili. Fundi anaweza kuchukua nondo asubuhi, akaona hazitoshi, akarudi jioni. Kwa hiyo ongeza sharti la tatu, kiasi cha fedha:

```
=COUNTIFS($A$2:$A$7,A2,$B$2:$B$7,B2,$C$2:$C$7,C2)
```

Sasa mistari ya Fundi Salum inashuka kuwa 1, maana 150,000 na 22,500 ni biashara mbili. Ya Mama Neema inabaki 2. Hata hapo ninashauri uende kwenye risiti kabla ya kufuta, kwa kuwa mtu anaweza kununua mzigo wa bei ileile mara mbili kwa siku. Ikiwa risiti ya kaunta na karatasi ya stoo zina namba moja, mstari wa 5 ni marudio, unaondolewa, na jumla ya faili inashuka kutoka 436,500 hadi 352,500.

Linganisha na njia ya mkato. Kitufe cha `Remove Duplicates`, ukikiambia kiangalie jina na tarehe peke yake, kitabakisha mstari wa kwanza wa kila pacha na kufuta mwingine papo hapo. Jumla itakuwa 330,000. Deni halali la Fundi Salum la 22,500 limepotea, na hakuna alama yoyote kwenye faili ya kuonyesha kwamba liliwahi kuwepo. Ndiyo maana ninaona kuweka alama ni bora kuliko kufuta.

Shida kubwa zaidi ni marudio yanayopita bila kunaswa. `COUNTIFS` haijali herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo "MAMA NEEMA" na "Mama Neema" kwake ni mmoja. Lakini nafasi tupu inaijali. Karani akibonyeza nafasi baada ya jina, macho hayatakiona kitu, ila fomula itaona mteja mwingine kabisa. Pima kwa `=LEN(A2)`: "Mama Neema" ina herufi kumi pamoja na nafasi ya katikati, ukipata 11 kuna kitu kimejificha. Dawa ni safu ya ziada yenye `=TRIM(A2)`, kisha `COUNTIFS` isome safu hiyo. Jina lililoandikwa "Nema" halina dawa ya fomula, litahitaji jicho la mtu anayewajua wateja. Vivyo hivyo Fundi Salum wawili tofauti wakija siku moja, jina halitawatenganisha. Namba ya simu itawatenganisha.

Kuna pia alama ya nyota. Baadhi ya makarani huiweka mwisho wa jina kukumbuka mdaiwa sugu. Kwa `COUNTIFS`, nyota katika kigezo maana yake ni "chochote kinachofuata", hivyo "Fundi Salum*" itahesabu Fundi Salum, Fundi Salumu na Fundi Salum Mdogo. Utaigundua kwa kuwa mstari wenye nyota unapata namba kubwa kuliko wenzake. Weka alama ya mdaiwa kwenye safu yake, usiichanganye na jina.

Tarehe ndiyo yenye mitego mingi. Ndani ya Excel tarehe ni namba: 12 Machi 2024 ni 45363. Saa huandikwa kama sehemu ya siku, kwa hiyo saa sita mchana ya siku hiyo ni 45363.5. Faili likitoka kwenye mashine ya mauzo, mara nyingi linabeba saa pamoja na tarehe, hata kama kisanduku kinaonyesha 12/03/2024 pekee. Mauzo ya siku moja hapo hayatalingana kamwe, na safu yote itajaa 1. Badilisha mwonekano wa kisanduku kuwa namba ya kawaida, ukiona desimali, tengeneza safu yenye `=INT(B2)` na uhesabu kwa hiyo.

Mtego wa pili unatokea kompyuta mbili zikiwa na mipangilio tofauti. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani hutanguliza mwezi. Ukiandika 12/03/2024 itaelewa 3 Desemba, na ukiandika 13/03/2024 itashindwa kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, hivyo itayaacha kama maandishi. Karani wa kaunta akitumia kompyuta ya namna hiyo na mtunza stoo ya namna nyingine, faili zikiunganishwa siku moja inakuwa siku mbili, na marudio yote ya siku hiyo yanapita. Angalia upande: tarehe ya kweli hujipanga kulia mwa kisanduku, maandishi hujipanga kushoto. Safu ya tarehe yenye mchanganyiko wa kulia na kushoto isipewe `COUNTIFS` mpaka isafishwe.

Mwisho, angalia sifuri. Kila mstari hujihesabu wenyewe, kwa hiyo jibu dogo kabisa linapaswa kuwa 1. Ukiona 0, mara nyingi kuna jina au tarehe iliyoachwa wazi, kwa sababu `COUNTIFS` huchukulia kigezo kitupu kuwa namba sifuri, na sifuri hiyo haipo kwenye safu. Mistari hiyo haijakaguliwa. Tafuta risiti zake, ijaze, ndipo uanze kumdai mteja yeyote kwa kutumia faili hilo.