Dole Gumba Peke Yake Halitoshi

Mchumaji wa chai wa Kericho anaweza kukuambia, bila kutazama popote, kwamba jana alipima kilo 38, juzi 35, na siku ile ya mvua kubwa 27. Mpe fomu ya tathmini ya kurasa nne, ataikunja na kusema, “Nitaisoma nyumbani, miwani nimeiacha.” Msimamizi atafungua kidau cha wino, mama atabonyeza dole gumba, na faili litarudi kabatini. Karatasi itasema amejulishwa matokeo yake, ilhali yeye hajajulishwa lolote.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamfikiria mtu huyu. Kifungu cha 9 kinataka asiyejua kusoma aelezwe mkataba wake kwa lugha anayoielewa, na kinakubali alama ya kidole badala ya saini, mradi itiwe mbele ya mtu asiyekuwa mwajiri wake. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na kinampa haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe wakati wa maelezo hayo. Vifungu hivyo havihusu tathmini ya kila mwaka. Lakini siku mwajiri akidai kwamba mfanyakazi alielezwa kasoro zake mapema, ataulizwa alielezwa nini, lini na kwa lugha gani. Kwa hiyo mazungumzo na karatasi lazima vitengenezwe pamoja.

Kazi huanza kabla ya kikao. Kama fomu ni ya Kiingereza, msimamizi asiitafsiri kichwani akiwa mbele ya mfanyakazi, kwa sababu kila mara atapata maneno tofauti na faili halitaonyesha ni yapi yaliyosikika. Aandike kwanza ukurasa mmoja wa Kiswahili, wa sentensi fupi, ambao ndio utakaosomwa na ndio utakaohifadhiwa. Maneno kama “wastani” au “3 kati ya 5” yasiachwe peke yake. Mmoja husikia “wastani” akadhani amesifiwa, mwingine akadhani anakaribia kufukuzwa. Mahali pake paandikwe kilichoonekana kazini.

Kumtambua asiyesoma vizuri ni jambo la kuangalia lisimwaibishe. Njia rahisi ni kumuuliza kila mfanyakazi swali moja, awe na cheti au hana: “Nikusomee, au utasoma mwenyewe?” Wengi watachagua kusomewa, na hakuna atakayeonekana ametengwa. Kikao kifanyike pasipo masikio ya wengine, si kwenye foleni ya mizani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja amechuma chai kwa miaka 11 katika shamba ambalo kiwango chake ni kilo 33 kwa siku. Amekuja na mwenzake aliyemchagua. Msimamizi, kijana wa kutosha kuwa mwanawe, anaanza na jibu ambalo mama amekuwa akilisubiri tangu asubuhi: “Mama, kazi yako ipo. Leo nina mambo matatu tu.”

La kwanza ni uzito. Wastani wake ni kilo 36, zaidi ya kiwango. Hapa karatasi haina kazi ya kueleza mengi, maana mama anazijua tarakimu hizo kuliko karani. Wengi wasiosoma maneno husoma tarakimu vizuri, hasa za pesa na uzito, basi msimamizi anamwonyesha kwa kidole 33 na 36 zilizoandikwa kwa herufi kubwa. La pili ni mahudhurio: alikosa siku 2, zote kwa ruhusa. La tatu ndilo gumu. Majani yake yalikaguliwa mara 10, na mara 4 yalikutwa na majani makomavu badala ya majani mawili na chipukizi.

Msimamizi haulizi, “Umeelewa?” Swali hilo hujibiwa “ndiyo” hata na aliyepotea kabisa, kwa sababu “hapana” ni kama kukiri ujinga mbele ya bosi. Anauliza hivi: “Mama, ukifika nyumbani wakikuuliza umeambiwa nini, utasemaje?”

Mama anajibu: “Nitasema kilo zangu ni nzuri, ila mara nne nilileta majani makubwa. Lakini hizo mara nne tulipelekwa kwenye chai iliyokaa wiki mbili bila kuchumwa. Majani yalikuwa yameshakomaa. Ningeyafanya nini?”

Sehemu ya kwanza ya jibu hilo inathibitisha kwamba ujumbe umefika. Sehemu ya pili ni habari mpya. Chai ikicheleweshwa kwa mzunguko, chipukizi hukua na kukomaa, na mikono mizuri haiwezi kuyarudisha majani utotoni. Kama angebonyeza tu dole, shamba lingempa lawama ya ratiba iliyopangwa na wakubwa wake.

Msimamizi anaandika hapohapo, mbele yake, kwa maneno ya mama mwenyewe. Haandiki “mfanyakazi amekubali matokeo” wala “mfanyakazi alitoa sababu.” Anaandika: “Alisema: mara nne tulipelekwa kwenye chai iliyokaa wiki mbili.” Chini yake anaweka ahadi mbili. Yeye atakagua tarehe za mizunguko ndani ya siku 7 na kurekebisha matokeo ikibidi. Mama, akikuta chai iliyokomaa, atamwarifu nyapara kabla ya kuanza kuchuma. Kisha zinafuata tarehe, lugha iliyotumika, jina la aliyesoma na majina ya waliokuwepo.

Kabla ya wino, karatasi yote inasomwa tena kwa sauti, pamoja na yale yaliyoongezwa. Nafasi tupu zinapigwa mstari ili kisiongezwe kitu baadaye. Maana ya dole gumba inatamkwa na kuandikwa juu yake: “Nimesomewa karatasi hii na nimeielewa. Si lazima niwe nimekubaliana nayo.” Mwenzake anatia saini kama shahidi kwamba alisikia ikisomwa hivyo, na mama anaondoka na nakala yake. Nyumbani ataisomewa na mwanawe, na ikisema tofauti na alivyosikia, atajua jioni hiyohiyo.

Kuna mpaka ambao msimamizi hapaswi kuuvuka. Mazungumzo yakigeuka kuwa ya kumwachisha kazi, tathmini isimame. Hicho ni kikao kingine, chenye masharti ya kifungu cha 41, na mtu asiingizwe humo kwa kuvizia.

Kasoro za utaratibu huu huonekana kwenye mafaili. Ukikuta wafanyakazi 20 wote “wamesema” sentensi ileile, hakuna aliyeulizwa. Ukikuta dole gumba bila jina la shahidi, hakuna wa kueleza kilichosomwa. Na ukikuta karatasi kali ilhali mfanyakazi anakumbuka sifa tupu, huenda msimamizi aliona haya, akasoma mazuri na kuruka mabaya. Kosa hilo la upole huwa ghali, kwa maana mtu huja kuadhibiwa kwa jambo ambalo hakuna aliyethubutu kumwambia.

Baada ya miezi 6, tathmini ijayo haianzi na fomu mpya. Msimamizi anafungua faili na kumsomea mama maneno yake mwenyewe: “Ulisema mara nne mlipelekwa kwenye chai iliyokaa wiki mbili.” Kisha anamsomea ahadi ile ya siku 7, na safari hii yeye ndiye anayetakiwa kujibu.