Suti Moja, Mavazi Matano

Mwanamke anaposhonesha suti ya vipande vitatu, yaani koti, sketi na suruali, mara nyingi huivaa kwa namna mbili tu. Lakini kila kipande kikitazamwa kama vazi linalojitegemea, suti ile ile huzaa mavazi matano, na sitara isipungue.

Tuchukue suti ya buluu iliyokoza, koti lake likishuka chini ya nyonga na sketi ikigusa vifundo vya miguu. Jumatatu mwenyewe atavaa koti na sketi. Jumanne, koti na suruali pana, na shati refu ndani. Jumatano sketi itavaliwa na blauzi ndefu ya rangi ya maziwa, koti likibaki kabatini. Alhamisi suruali itakaa chini ya kanzu inayofika magotini. Ijumaa koti litaachwa wazi juu ya gauni refu la kijivu hafifu.

Angalia kwamba kipande kinapotengana na wenzake, rangi kinazokutana nazo huwa mbali nacho. Kosa linaloharibu mpango huu ni kuoanisha vinavyokaribiana bila kulingana, kama koti hili juu ya sketi ya buluu ya suti nyingine. Atazamaye hudhani ni suti moja iliyochujuka. Zitoe nguo nje mchana, kwani taa ya usiku huficha, uziweke pamoja kisha urudi nyuma hatua 3. Ikiwa tofauti ni ya kutafutwa, usizivae pamoja. Suti yenye mistari nayo ni ngumu kuitenganisha: koti lake likiwa peke yake huonekana limepotewa na mwenziwe. Kitambaa kisicho na mchoro ndicho kinachofaa.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana mapema. Mama mmoja jirani yangu aliipenda suruali ya suti yake, akawa anaivaa na kuifua kila wiki, ilhali koti alilifua mara chache. Siku ya mahafali ya bintiye alivaa vyote pamoja, na juani suruali ikaonekana imepauka, koti likiwa bado jipya. Hakukuwa na dawa. Basi vifuliwe au vipelekwe kwa dobi vyote siku moja, hata kile kisichovaliwa, na vianikwe kivulini vikiwa vimegeuzwa ndani nje. Pasi isiguse kitambaa cheusi au cha buluu moja kwa moja, kwani huacha mng'aro usiotoka. Tandaza kitambaa chembamba chenye unyevu kwanza.

Na ukienda kwa fundi, hakikisha vipande vyote vitatu vinakatwa katika jora moja. Majora mawili ya rangi yenye jina moja huweza kutofautiana, na sketi itakayoongezwa mwaka ujao huenda isilingane na koti la leo.