Kiharusi Kinavyoonyesha Ramani ya Ubongo

Tuseme fundi cherehani wa miaka 62, mwenye shinikizo la damu la siku nyingi, ameamka asubuhi akakuta mkono wa kulia hauna nguvu. Akishika mkasi unamponyoka. Mdomo umelegea upande wa kulia, umevutika kushoto. Mkewe akimuuliza kulikoni anaelewa swali na anajibu kwa kichwa, lakini maneno hayamtoki. Anahangaika, anatoa neno moja, "maji", kisha anakasirika kwa kushindwa kuendelea. Mguu wa kulia unaburuza kidogo tu, na msalani amekwenda mwenyewe.

Daktari mzoefu akiambiwa haya matatu, yaani mkono, maneno na mguu uliosalimika, anaweza kuonyesha kwa kidole mahali palipoumia kabla mashine haijapiga picha yoyote. Ataweka kidole upande wa kushoto wa kichwa, mbele na juu kidogo ya sikio. Hafanyi uganga. Anasoma ramani.

Ubongo mkubwa, ule unaojaza sehemu kubwa ya fuvu, umegawanyika katika nusu mbili, ya kulia na ya kushoto. Kila nusu inaongoza mwili wa upande wa pili, na ndiyo maana mkono wa kulia ukilegea tunatafuta jeraha kushoto. Uso wa nusu hizi ni gamba la rangi ya kijivu lenye unene wa milimita 2 hadi 4, lililokunjwakunjwa ili lienee ndani ya fuvu. Katika mikunjo hiyo kuna mifereji miwili mirefu inayosaidia kugawa kila nusu katika mapande manne. Mfereji wa kati unashuka kutoka utosini kuelekea sikio. Mfereji wa pembeni unatoka karibu na panja na kurudi nyuma, ukipita juu ya sikio.

Kilichoko mbele ya mfereji wa kati ni pande la paji, kubwa kuliko yote. Nyuma ya mfereji huo, juu, kuna pande la utosi. Chini ya mfereji wa pembeni, usawa wa sikio, kuna pande la panja. Mwisho kabisa nyuma kuna pande la kisogo, ambalo ni dogo. Mpaka kati ya kisogo na utosi hauonekani vizuri kwa nje. Ukitaka kuuona wazi lazima utenganishe nusu mbili uangalie ndani. Kile kifundo chenye mistari myembamba kilichokaa chini ya kisogo ni ubongo mdogo, unaoshughulika na uwiano wa mwili na ulaini wa mwendo. Huo hauhesabiwi katika haya mapande manne, ingawa wanafunzi wengi huuchanganya na pande la kisogo.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Ukingo ulio mbele tu ya mfereji wa kati, ambao ni sehemu ya nyuma ya pande la paji, ndiyo mahali amri za kusogeza viungo zinapotoka. Ukingo ulio nyuma yake, katika pande la utosi, hupokea habari za ngozi na viungo: baridi, mguso, mkono umekunjwa au umenyooka. Kingo zote mbili zimepangwa kwa namna ile ile, na mpangilio wenyewe ni wa kushangaza. Mwili umelala juu yake kichwa chini miguu juu, kama mtu aliyening'inia ukutani kwa magoti: uso uko chini karibu na mfereji wa pembeni, mkono uko juu ya uso, halafu kiwiliwili, na mguu umevuka ukingo wa juu ukaning'inia ndani, kati ya nusu mbili za ubongo. Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa Montreal, aliuchora mpangilio huu kwa kugusa gamba la ubongo kwa umeme mdogo huku wagonjwa wake wakiwa macho. Wangeweza kuvumilia kwa sababu ubongo wenyewe hausikii maumivu. Ganzi inahitajika kwenye ngozi na mfupa.

Mguu wa fundi ulisalimika kwa sababu hiyo. Mshipa mkubwa unaolisha ubavu wa nje wa ubongo ndio huziba mara nyingi katika kiharusi, na huo unalisha uso na mkono. Sehemu ya mguu, kwa kuwa imejificha ndani, inalishwa na mshipa mwingine. Kwa hiyo uso na mkono kulegea kuliko mguu ni dalili kwamba gamba la ubavuni limekosa damu.

Yakabaki maneno. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca aliletewa mgonjwa aliyekuwa ameishi humo miaka 21 bila kuweza kusema chochote isipokuwa silabi moja, "tan". Wenzake walimwita kwa jina hilo. Alielewa mengi ya aliyoambiwa, alihesabu kwa vidole, na upande wake wa kulia ulikuwa umepooza. Alifariki baada ya siku chache, Broca akaufungua ubongo wake na kukuta jeraha katika pande la paji la kushoto, sehemu ya chini kuelekea nyuma. Ni jirani kabisa na mahali pa uso na mkono, na ndiyo maana fundi wetu alipoteza vyote kwa pigo moja. Kwa watu wengi sana, hata wengi wa wanaotumia mkono wa kushoto, lugha inakaa nusu ya kushoto.

Lugha, hata hivyo, haikai pande moja. Mwaka 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, alieleza wagonjwa wa aina nyingine, walioumia nyuma zaidi, sehemu ya juu ya pande la panja la kushoto. Pande hili hupokea sauti kutoka masikioni, na sehemu hiyo huzipa maana. Mgonjwa wake haishiwi maneno. Anayamimina, kwa lafudhi na mwendo wa kawaida, ila hayaeleweki, na wewe ukisema haelewi. Mkono na mguu vinaweza kuwa vizima kabisa. Hapa ndipo nadhani familia nyingi hupotea njia. Mama aliyelala mzima akaamka anasema yasiyoeleweka, bila kupooza popote, atapelekwa kuombewa kabla hajapelekwa hospitali. Kilichotokea kwa ghafla namna hiyo kichukuliwe kuwa kiharusi mpaka ithibitike vingine. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na baada ya picha kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu.

Pande la panja lina kazi nyingine ndani yake, upande wa chini: kuweka kumbukumbu mpya. Likiumia pande zote mbili, mtu anakumbuka utoto wake lakini hakumbuki mgeni aliyeondoka dakika tano zilizopita.

Pande la utosi ndilo linaloniacha mdomo wazi kila nikisoma habari zake. Mbali na kupokea mguso, linaunganisha macho, ngozi na viungo ili ujue uko wapi na vitu viko wapi kukuzunguka. Likiumia upande wa kulia, nusu ya kushoto ya dunia inaweza kufutika katika akili ya mgonjwa. Anakula wali wa upande wa kulia wa sahani na kulalamika kwamba hajashiba. Izungushe sahani, ataendelea kula. Ananyoa shavu moja. Ukimpa karatasi achore saa, anabana namba zote 12 upande wa kulia wa duara. Ukimpa mstari akate katikati, anaukata kuelekea kulia. Wengine huutazama mkono wao wa kushoto na kusema ni wa mtu mwingine.

Unaweza kudhani ni macho tu. Mwaka 1978 Waitaliano Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliwaomba wagonjwa wa namna hii mjini Milano wajione kwa mawazo wamesimama kwenye uwanja wa kanisa kuu, mahali walipopajua vizuri, wakilitazama kanisa. Walitaja zaidi majengo ya mkono wa kulia. Walipoambiwa wajione wamesimama mlangoni mwa kanisa wakitazama upande wa pili, wakataja majengo waliyoyaacha mwanzo na kuyaacha waliyoyataja. Kumbukumbu ilikuwapo yote. Kilichopotea ni uwezo wa kugeukia kushoto, hata ndani ya fikra.

Linganisha na jeraha la pande la kisogo, ambalo kazi yake kubwa ni kuona. Likiumia la kushoto, mtu anapoteza nusu ya kulia ya anachokiona, na anaipoteza kwa macho yote mawili. Wengi huenda kupimwa miwani wakidhani jicho la kulia limeharibika. Kipimo cha kwanza ni rahisi: afunike jicho moja, kisha la pili. Kama nusu ile ile haionekani kila mara, kosa si la jicho, liko nyuma ya macho, katika njia ya kuelekea kisogoni au kisogoni kwenyewe. Mgonjwa huyu hujifunza kugeuza kichwa ili afidie. Yule wa utosi hageuzi kichwa, kwa sababu kwake hakuna kilichokosekana.

Nimeacha sehemu ya mbele kabisa ya pande la paji, na ndiyo ngumu kuipima kitandani. Hupanga, hujizuia, hupima matokeo kabla ya tendo. Ikiumia, mkono una nguvu, maneno yapo, macho yanaona, lakini nyumbani wanasema baba si yule. Ametukana wageni, au anakaa kutwa nzima bila kuanza jambo lolote mpaka asukumwe. Kisa kinachotajwa sana ni cha Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli Marekani, aliyepitiwa na mtaimbo kwenye pande hilo mwaka 1848 akapona. Daktari wake aliandika kwamba tabia yake iligeuka. Kinachosahaulika ni kwamba baadaye Gage aliendesha magari ya farasi huko Chile kwa miaka kadhaa, kazi isiyofanywa na mtu aliyeshindwa kabisa kujitawala.

Ramani hii ina mtego mmoja unaowanasa hata madaktari. Nyuzi zote za neva zinazotoka kwenye ule ukingo mrefu wa kusogeza viungo hushuka ndani ya ubongo na kubanana katika njia moja nyembamba kabla ya kuelekea uti wa mgongo. Kimshipa kidogo kikiziba hapo, jeraha la ukubwa wa punje ya haragwe linaweza kulegeza uso, mkono na mguu kwa kiwango kimoja, ilhali mapande yote manne ni mazima. Mgonjwa huyo anaonekana ameumia zaidi ya fundi wetu. Lakini anachagua maneno bila shida, hata kama ulimi ni mzito. Anaona pande zote mbili. Akichora saa, namba zinakaa mahali pake.