Tangazo la Kazi na Maneno Machache ya Kulisindikiza

Tangazo la kazi likitumwa tupu, bila neno hata moja la mtumaji, mara nyingi huishia pale pale lilipoangukia. Mpokeaji analiona, anaona pia ile mishale miwili ya WhatsApp inayoonyesha kwamba ujumbe umeshazunguka kwa watu wengi, naye anadhani ametumiwa kama walivyotumiwa wengine wote. Hajui kama uliyemtumia umelisoma. Hajui kama bado liko hai au ni la mwaka jana. Kubwa zaidi, hajui kwa nini umemkumbuka yeye. Mambo hayo hayamo ndani ya tangazo, na ndiyo yanayopaswa kuandikwa na anayelituma.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Huko Tanzania nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi yake hutumwa kwa mtandao kupitia portal.ajira.go.tz. Mara nyingi tangazo huja kama faili moja la PDF lenye nafasi za taasisi au halmashauri kadhaa, kurasa nyingi zilizojaa wahasibu, wauguzi, maafisa kilimo na watunza kumbukumbu. Katikati ya msitu huo kuna nafasi mbili za Dereva Daraja la II. Unaziona, na anakujia akilini jamaa mliyepanga naye nyumba moja Mbagala miaka ya nyuma, dereva wa lori ambaye sasa yuko Morogoro. Hamjaongea muda mrefu. Je, ni sawa kumwandikia?

Ni sawa kabisa, na huenda yeye ndiye anayefaa zaidi kuandikiwa. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyokuja kuwa maarufu sana katika taaluma yake. Alikuwa amewauliza watu waliobadili kazi katika mji wa Newton, karibu na Boston, jinsi walivyopata habari za kazi zao mpya. Kati ya waliozipata kupitia mtu wanayemfahamu, takriban 17 tu katika kila 100 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Kiasi cha 56 walionana naye mara moja moja, na 28 walionana naye kwa nadra sana. Walioulizwa walikuwa watu wa kazi za kitaaluma na za ofisini, kwa hiyo tarakimu hizo tusizivike Mbagala zilivyo. Ila sababu yake inaeleweka popote. Ndugu na marafiki wa karibu husikia habari zile zile unazosikia wewe. Jamaa wa mbali anaishi kati ya watu wengine, na habari yako kwake ni mpya.

Kabla ya kumwandikia, soma ukurasa unaomhusu, maana hapo ndipo wema wengi huharibika. Matangazo ya Dereva Daraja la II kwa kawaida hutaka cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja la E au C, uzoefu wa mwaka mmoja au zaidi bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Mwenye daraja la D, analotumia mtu kuendesha gari lake binafsi, hata akiwa hodari kuliko wote, hafiki mlangoni. Mwisho wa tangazo kuna masharti ya jumla ambayo watu huyaruka: umri usiozidi miaka 45 kwa asiyekuwa tayari mtumishi wa serikali, vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria, na kwamba hati za muda za matokeo hazikubaliwi. Mtu wa miaka 48 uliyemtumia tangazo hilo atatoa fedha kwenda kuthibitisha vyeti, atakaa mgahawa wa intaneti akijaza taarifa, kisha atakuja kugundua sharti lililokuwa kwenye ukurasa wa mwisho. Wewe ungelisoma kwa dakika mbili.

Kisha hakikisha lina ukweli. Usiridhike na faili ulilotumiwa. Fungua tovuti yenyewe, utafute tangazo hilo hilo na uangalie tarehe ya mwisho. Tangazo la kughushi hujulikana kwa alama chache. Jina la tovuti yake haliishii na .go.tz kabla ya mkwaju unaolifuata, hata kama neno ajira limetiwa ndani yake. Au maombi yanapelekwa kwenye barua pepe ya kawaida ya mtu binafsi. Au kuna fedha inayodaiwa, iwe ya fomu, ya mafunzo au ya sare. Kuomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira hakulipiwi, kwa hiyo dai la fedha peke yake linatosha kulitupa tangazo hilo. Lipo pia tangazo la kweli lililopitwa na wakati, na hili hudanganya zaidi kwa sababu kila kitu ndani yake ni sahihi isipokuwa siku. Ukipewa picha ya ukurasa mmoja usio na tarehe, anza kulishuku hapo.

Sasa unaweza kuandika. Mimi ningemwandikia hivi:

"Kaka, salamu za siku nyingi. Ni jirani yako wa Mbagala, yule wa chumba cha uani. Nimeona nafasi mbili za Dereva Daraja la II nikakukumbuka, kwa sababu najua leseni yako ni ya E na umekaa barabarani miaka mingi. Ziko ukurasa wa 9 wa faili ninalokutumia. Wanataka pia cheti cha kidato cha nne na cha udereva cha VETA. Kuhusu hivyo wewe ndiye unayejua. Mwisho ni Jumapili hii, tarehe 17. Nimelikuta kwenye tovuti ya Ajira yenyewe, na hakuna malipo. Kama halikufai, usijali, mpe mwingine. Nisalimie shemeji na watoto."

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Anayeandikiwa baada ya miaka anahitaji kwanza kujua ni nani anayemwandikia, kwa maana namba hubadilika na simu hupotea, na ujumbe wa kazi kutoka namba ngeni hunuka utapeli. Sababu ya kumkumbuka imetajwa waziwazi, leseni na uzoefu, na hapo anajua kwamba hakutumiwa na watu mia. Ukurasa umetajwa ili asipotee kati ya wahasibu na wauguzi. Tarehe imeandikwa pamoja na siku, kwa sababu "mwisho wiki hii" haina maana kwa mtu atakayeusoma ujumbe baada ya siku tatu.

Angalia jinsi vyeti vilivyotajwa. Huenda jamaa huyu aliacha shule darasa la saba na hajawahi kukwambia. Ukimwuliza, "Una cheti cha kidato cha nne?" unamlazimisha ama akiri ama anyamaze, na wengi hunyamaza. Ukilitaja sharti na kumwachia mwenyewe ajipime, heshima yake inabaki. Sentensi ya kumruhusu akatae inafanya kazi hiyo hiyo: inamtoa kwenye deni la kukujibu kwa maelezo.

Kwa sababu iyo hiyo, mwandikie yeye peke yake. Kwenye kundi la ukoo kuna wanaopenda kutuma tangazo na kumtaja kijana kwa jina mbele ya wajomba na mashangazi. Nia ni njema, lakini kijana huyo anasoma kitu kingine: kwamba ukosefu wake wa kazi umekuwa mada ya ukoo mzima. Atasema "Asante, anko," na hataomba. Na mtu mwenye kazi tayari huweza kupata matatizo makubwa zaidi, kwa sababu ndani ya kundi huenda yumo anayemfahamu mwajiri wake.

Kuna jambo moja ambalo ujumbe huo haukusema, na lisiongezwe kamwe: ahadi. Usiandike "nitaongea na watu pale" ikiwa huna wa kuongea naye, na kama unaye, usiandike vilevile. Tumezoea vimemo na koneksheni kiasi kwamba mtu akitumiwa nafasi na ndugu wa mjini hudhani mlango umeshafunguliwa. Atapunguza bidii ya kuandaa maombi yake, na akikosa atakulaumu wewe. Kama nafasi iko kwenye kampuni binafsi na kweli unamjua mtu mle ndani, eleza unachokijua tu, kwa mfano kwamba wanapendelea barua iletwe mkononi mapokezi. Usimpe namba ya mtu huyo kabla hujamwomba ruhusa mwenyewe.

Namna ya kutuma nayo ina uzito wake. Tanguliza maneno, kisha faili lifuate, ili asikutane na PDF ngeni kabla ya kujua imetoka kwa nani. Kama unajua ananunua bando dogo, piga picha ya ukurasa unaomhusu pamoja na ule wa masharti umtumie, halafu uandike na anwani ya tovuti. Picha peke yake haimpi namna ya kuhakiki, na faili peke yake linaweza kukaa bila kufunguliwa hadi Jumapili ipite. Ujumbe wa sauti unafaa kwa salamu, ila tarehe na namba ya ukurasa ziandikwe, kwa sababu hakuna anayetaka kusikiliza dakika mbili upya akitafuta "tarehe ngapi vile".

Baada ya hapo nyamaza. Kumwuliza kila siku kama ameshaomba kunageuza msaada kuwa usimamizi. Ukumbusho mmoja siku mbili kabla ya mwisho unatosha, tena kwa yule aliyejibu kwamba anaitaka.

Lakini ujumbe mmoja zaidi unaweza kuhitajika wiki au miezi baadaye, na wengi hawaukumbuki. Walioitwa kwenye usaili hutangazwa pia kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, kwa orodha ndefu za majina zenye tarehe, saa, mahali na masharti ya kufuata, likiwamo la kuja na vyeti halisi na kitambulisho. Dereva aliye safarini kati ya Tunduma na Dar es Salaam anaweza asifungue tovuti hiyo kwa muda mrefu, na siku ya usaili wa vitendo ikampita akiwa mizani. Ukiiona orodha ya madereva imetoka, mwandikie: "Kaka, orodha ya usaili imetoka leo, angalia jina lako. Madereva wanaanza ukurasa wa 14."