Ukurasa Unaokataa Kuachwa

Mtu anatafuta tangazo la ajira kwenye Google. Anabofya tokeo mojawapo, ukurasa mweupe unamwambia asubiri, anagusa kufunga tangazo dogo lililomzibia njia, na mara anapelekwa kwenye ukurasa mwingine uliojaa bahati nasibu. Anabonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Ukurasa mweupe unaonekana kidogo, kisha bahati nasibu ile ile. Anabonyeza tena, mambo ni yale yale.

Simu haijaharibika, wala hicho peke yake si dalili ya virusi. Kivinjari huweka orodha ya kurasa kwa mpangilio zilivyofunguliwa. Hapa orodha ina kurasa tatu: matokeo ya Google, ukurasa mweupe na bahati nasibu. Kitufe kimefanya kazi yake barabara kwa kurudi hatua moja, ila hatua hiyo imeangukia kwenye ukurasa mweupe, ambao ndani yake kuna agizo kama hili:

```
setTimeout(function () {
  location.href = "/bahati";
}, 2000);
```

Maana yake: subiri milisekunde 2000, yaani sekunde 2, kisha mpeleke mgeni mbele.

Sekunde hizo 2 ndizo nafasi ya kutorokea. Anayebonyeza mara mbili haraka huupita ukurasa mweupe kabla agizo halijaanza kazi. Ila njia ya uhakika zaidi, kwenye kompyuta, ni kubonyeza mshale wa kurudi bila kuuachia: orodha nzima hufunguka, naye huchagua matokeo ya Google moja kwa moja. Safari ya iPhone nayo hufanya hivyo. Ikishindikana, afunge kichupo na kuyatafuta matokeo kwenye historia ya kivinjari.

Orodha hiyo humfichua pia mjanja wa aina ya pili. Jina la ukurasa mmoja likijirudia mara nyingi, kuna uwezekano mkubwa kwamba tovuti imejaza nafasi za bandia kwa agizo la `history.pushState`, ili kila kurudi nyuma kuishie pale pale. Mtindo huu hauna kisingizio.

Tangu 2019, Chrome huruka kurasa zilizojipenyeza kwenye orodha bila mgeni kugusa chochote. Kinga hiyo ina tundu: mguso mmoja tu popote kwenye ukurasa humtoa mgeni kwenye ulinzi. Ndiyo maana lile tangazo dogo la kufunga lilitosha kumnasa mtafuta ajira wetu.

Si kila mtego umetegwa kwa makusudi. Wapo wenye tovuti waliohamisha ukurasa tu, wakaandika agizo lisilofaa. Hao waandike `location.replace("/bahati")`, ambalo huweka ukurasa mpya mahali pa ule wa zamani kwenye orodha, au waiambie seva itoe jibu la 301, na wageni wao watarudi walikotoka kwa mbonyezo mmoja.